Raidi Siyo Bakapu: Usiku Boksi la Diski Lilipozimika Mbwara

Agosti 2024, nikiwa likizo ya kumaliza mwaka wa pili, niliharibu boksi la diski la mjomba wangu huko Mbwara, wilayani Rufiji. Sikuliangusha wala sikulimwagia maji. Nililisasisha tu. Nimeombwa niandike makala ya somo kwa ajili ya toleo hili, na kwa kuwa wengi wetu hosteli tumeanza kujiundia maboksi ya namna hii kutoka kwenye kompyuta kuukuu, nimeona niandike lile nililolipia ada mwenyewe.

Mjomba ni mpiga picha. Harusi, maulidi, jando, mahafali ya shule, yote anashuti yeye, na miaka ya karibuni video zimekuwa nzito mno kukaa kwenye fleshi. Nilipokuwa mwaka wa kwanza nilimtengenezea boksi: kompyuta ya ofisini iliyotumika, ndani yake diski nne za terabaiti 2 kila moja, pamoja na diski ndogo ya mfumo, ile isiyozunguka. Juu yake niliweka OpenMediaVault 6, mfumo wa bure unaokaa juu ya Debian 11. Boksi linaunganishwa kwenye ruta, na laptopu yoyote ya nyumbani inaliona kwa waifai kama folda moja kubwa. Kwenye matangazo ya duka kitu hiki huandikwa NAS. Pale nyumbani kinaitwa "boksi" tu.

Zile diski nne niliziunga kwa mtindo ambao kwenye skrini unasomeka `raid5`. Unapata nafasi ya diski tatu, yaani terabaiti 6, na nafasi inayolingana na diski moja inatumika kutunza hesabu ya kuziokoa nyingine. Diski moja ikifa, kazi inaendelea. Nilimwambia mjomba maneno haya haya, tena kwa kujiamini: "Hata moja ikifa mjomba, hupotezi kitu." Akanijibu, "Basi vizuri, mjomba," akafuta video kwenye laptopu yake ili apate nafasi. Tangu siku hiyo nakala ya pekee ya kazi zake ilikuwa mle ndani. Mle ndani pia kulikuwa na sauti ya bibi, mama yake mjomba, aliyefariki mwaka mmoja kabla. Alirekodiwa saa nne na ushee akisimulia maisha ya bondeni, na namna watu walivyohamia vilimani baada ya mafuriko makubwa ya 1968.

Sasa twende kwenye usiku wenyewe. OpenMediaVault 7 ilikuwa imeshatoka, nayo inakaa juu ya Debian 12. Kupanda toleo ni amri moja, `omv-release-upgrade`, unaandika na kusubiri. Nilichagua usiku wa Jumamosi tarehe 3 kwa sababu ya bando la usiku, ambalo kila mwanafunzi analijua. Kuanzia saa tatu na nusu vifurushi vya mfumo vilikuwa vinashuka polepole kupitia simu yangu. Mjomba naye, bila mimi kujua, alikuwa chumbani anahamishia harusi ya siku hiyo kwenye boksi.

Nyumba ile inatumia sola. Ni betri moja ya volti 12, ampia-saa 100, na inveta ya kugeuza umeme uwe wa kawaida. Mchana ule kulikuwa na mawingu. Kwenye saa saba na robo usiku kila kitu kikazima kwa mpigo: ruta, boksi na feni. Nikasikia diski zikipunguza mzunguko hadi zikanyamaza. Kumbe inveta ilikuwa imepiga kengele ya betri kuisha kwa muda mrefu, lakini mkaza mjomba aliifunika na khanga kwa sababu ilikuwa inamwamsha mtoto. Simlaumu. Hakuna aliyemwambia kengele ile ina maana gani kwa boksi.

Hapa inafaa tutenganishe mambo mawili ambayo mimi usiku ule niliyachanganya. Kusasisha kunaenda kwa hatua mbili. Kwanza mfumo unashusha vifurushi vyote na kuviweka pembeni, halafu ndipo unaanza kuvifungua na kubadilisha mafaili yanayotumika. Intaneti ikikatika katika hatua ya kwanza hakuna hasara, utarudia amri na itaendelea. Umeme ukikatika katika hatua ya pili, mfumo unabaki nusu wa zamani na nusu mpya, na unaweza usiwake kabisa. Mimi nilipanga saa zangu kwa kufuata bando, yaani nililinda hatua isiyohitaji ulinzi, na ile ya hatari nikaipeleka usiku wa manane ambapo betri iko hoi.

Hesabu ya betri ningeweza kuifanya kwenye kiganja. Volti 12 mara ampia-saa 100 ni wati-saa 1200. Betri ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo zinabaki 600, na inveta inakula sehemu yake, tuseme unabaki na 500. Boksi lenye diski nne zinazozunguka tulilipima baadaye likatoka karibu wati 50, ruta na chaja ya simu wati 10. Kwa mzigo huo peke yake, betri iliyojaa inakupa saa nane. Lakini jioni ile televisheni, feni na taa zilikuwa zimeshakula kama wati-saa 300 kabla sijaanza. Zilizobaki 200 ukizigawa kwa 60 unapata saa tatu na kidogo. Nilianza saa tatu na nusu. Hesabu inaishia kwenye saa saba usiku, na ndivyo ilivyokuwa.

Kuna jambo moja zaidi nililoligundua siku za baadaye, na sikulitegemea. Debian 11 ina kazi iliyopangwa ya kukagua raidi nzima kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa 6:57 usiku. Tarehe 4 Agosti ilikuwa Jumapili ya kwanza. Maana yake ni kwamba dakika chache kabla ya umeme kukata, diski zote nne zilianza kusomwa mwanzo hadi mwisho, zikila umeme zaidi, huku mfumo unafunguliwa na harusi inaandikwa. Ukitaka kujua kama ukaguzi unaendelea, angalia hivi kabla ya kugusa chochote:

```
cat /proc/mdstat
```

Ukiona neno `check`, `resync` au `recovery` na asilimia inayopanda, subiri iishe.

Asubuhi jua lilipowaka vizuri tuliwasha boksi. Mfumo haukuwaka. Hilo halikunitisha sana, mfumo unawekwa upya. Nikachomeka fleshi yenye SystemRescue, ambao ni mfumo wa kuokolea unaowaka kutoka kwenye fleshi yenyewe, na hapo ndipo nilipoishiwa nguvu. Diski ya tatu ilikuwa inagonga, tik, tik, tik, kisha inanyamaza. Na nilipojaribu kuiunganisha raidi kwa zile tatu zilizobaki, skrini ikaandika:

```
md/raid:md0: cannot start dirty degraded array.
```

Nilishaahidi kwamba diski moja ikifa hupotezi kitu. Imekufa moja, mbona inagoma?

Jibu liko kwenye ile hesabu ya kuokoa. Chukulia diski tatu zinabeba namba 5, 7 na 2, na ya nne inabeba jumla yake, 14. (Kompyuta haijumlishi hivi hasa, inatumia hesabu ya biti, lakini wazo ni hilo hilo. Pia jumla haikai diski moja daima, inazungushwa.) Diski yenye 2 ikifa, unachukua 14 unatoa 5 unatoa 7, unaipata 2 yako. Safi kabisa. Sasa tuseme mtu anaandika kitu kipya, na 7 inatakiwa iwe 9. Boksi linalazimika kuandika mahali pawili: 9 kwenye diski yake, na jumla mpya ya 16. Umeme ukikatika katikati, 9 imeshaandikwa lakini jumla bado ni 14. Diski zote zikiwa hai hakuna tatizo, kwa kuwa boksi likiwaka linapiga hesabu upya kutokana na namba zilizopo. Lakini kama kwenye kuwaka huko huko ile diski yenye 2 imekufa, utachukua 14 utoe 5 utoe 9, upate 0. Ile 2 imepotea, na ilikuwa ya faili lingine kabisa ambalo hakuna aliyeligusa usiku ule.

Ndiyo maana mfumo unagoma. `degraded` ni kwamba diski imepungua, na `dirty` ni kwamba ilikuwa inaandikwa ilipokatika kwa hiyo jumla haziaminiki. Kila moja peke yake raidi inaimudu. Zikija pamoja inakuachia wewe uamue. Na mara nyingi zinakuja pamoja, maana kukatika na kurudi kwa umeme ndiyo saa ambayo diski iliyochoka inashindwa kuanza tena kuzunguka. Diski ya inchi tatu na nusu inapoanza kuzunguka inavuta umeme mara kadhaa ya ule inaotumia ikishatulia. Nne zikiwaka kwa pamoja zinaweza kudai karibu wati 100 kwa sekunde chache, na inveta dogo lenye betri iliyochoka linayumba hapo hapo.

Kabla ya kulazimisha, jaribu kuifufua ile diski. Badilisha waya wa umeme, badilisha waya wa data, ihamishie tundu lingine. Ikiamka hata kwa siku moja, raidi itawaka bila kubahatisha na jumla zitapigwa upya kutoka kwenye data halisi. Sisi tulijaribu yote hayo, ikaendelea kugonga. Nikabaki na njia moja:

```
mdadm --stop /dev/md0
mdadm --assemble --force /dev/md0 /dev/sda /dev/sdb /dev/sdd
mount -o ro,noload /dev/md0 /mnt
```

Mstari wa pili unasema "unganisha hata kama huamini", na diski mbovu haimo kwenye orodha. Majina kama `sda` hubadilika ukiwasha kwa fleshi, kwa hiyo zitambue kwa namba za siri zilizoandikwa kwenye kibandiko cha kila diski, ambazo zinaonekana kwa `lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL`. Nilikuwa sijaziandika popote. Nikafungua boksi na tochi ya simu, nikazisoma moja moja huku jasho linadondokea kwenye ubao. Mstari wa tatu ni muhimu kuliko ulivyo mfupi. `ro` inazuia kuandika, na `noload` inazuia hata yale marekebisho ya haraka ambayo mfumo wa mafaili hufanya wenyewe ukifunguliwa. Ukiwa hujui kilichoharibika, usiruhusu chochote kiandike.

Folda zikaonekana. Mjomba akaketi chini, akasema tu, "Haya." Mimi mkono ulikuwa unaniwasha niweke diski mpya na kuanza kuijenga raidi upya, kwa sababu ndivyo mafunzo mengi yanavyoelekeza: diski imekufa, weka nyingine. Nashukuru hatukuwa na diski ya ziada. Kujenga upya kunasoma diski zote zilizobaki kutoka mwanzo hadi mwisho, saa nyingi bila kupumzika, na zilizobaki ni za umri mmoja na ile iliyokufa, zimekaa joto moja na chumvi moja ya delta. Ya pili ikifa katikati ya kazi hiyo, hakuna tena cha kuokoa. Nakala kwanza, kujenga baadaye. Kama kuna sentensi moja ungeikata kwenye makala hii ukaibandika ndani ya mfuniko wa boksi lako, ni hiyo.

Nikapanda bodaboda hadi Kibiti, nikadandia gari la Mbagala Rangi Tatu, nikarudi kesho yake na diski mbili mapajani: moja ya nje ya terabaiti 4 na moja ya kuziba pengo. Zilikula sehemu kubwa ya akiba yangu ya bumu, na semista iliyofuata nilikula wali maharage kwa nidhamu ya hali ya juu.

Data ilikuwa terabaiti 2.3. Kwa mwendo wa megabaiti 100 kwa sekunde hizo ni saa sita na nusu hivi. Jua la Mbwara linafaa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Inatosha, mradi uanze mapema na nyumba nzima ikubali kuishi bila televisheni. Nilianza na folda za bibi, kisha harusi za wateja ambao hawajachukua kazi zao, kisha nyingine zote. Amri zenyewe ni mbili:

```
rsync -a /mnt/ /nakala/
rsync -anc --itemize-changes /mnt/ /nakala/
```

Ya kwanza inanakili. Ya pili haiandiki chochote: inasoma upya kila faili pande zote mbili na kulinganisha yaliyomo, kisha inataja yanayotofautiana. Ikinyamaza, nakala ni sawa na asili. Inachukua muda karibu ule ule wa kunakili, kwa hiyo niliifanya siku ya pili, jua likiwa juu tena. Wengi wanairuka hii. Nakala ambayo haijawahi kusomwa huijui kama ni nakala. Baadaye nilifungua mafaili kumi hivi kwenye laptopu nyingine kabisa, nikiyaangalia na kuyasikiliza kwa macho na masikio yangu.

Ni katika kusikiliza ndipo nilipoukuta uharibifu. Katika faili la pili la bibi, karibu na mwisho, anataja majina ya mashamba ya bondeni kwa mpangilio, moja baada ya jingine, na ghafla inaingia mikwaruzo kwa karibu sekunde tatu. Kisha sauti yake inarudi, ameshafika shamba lingine. Ile raidi inakata data vipande vya kilobaiti 512, na kipande kimoja cha sauti isiyobanwa ni karibu sekunde tatu. Yaani ni ile 2 iliyogeuka 0. Sauti ya bibi ilikuwa jirani na harusi iliyokuwa inaandikwa, kwenye mstari mmoja wa hesabu, na kipande chake kilikuwa kwenye diski iliyokufa.

Angalia pia kwamba ule ulinganisho wangu ulinyamaza kimya. Ulisema nakala ni sawa na asili, na ni kweli, maana asili yenyewe ilikuwa imeshaharibika. Nakala unayochukua baada ya ajali inarithi ajali. Ile ambayo ingeziokoa sekunde zile tatu ni nakala ya Ijumaa, kabla sijagusa kitu.

Tukaendelea. Baada ya nakala kuthibitika ndipo niliporuhusu kuandika. Nilikagua mfumo wa mafaili kwanza bila kurekebisha, kwa `e2fsck -fn`, kisha kwa kurekebisha. Nikaingiza diski mpya kwa `mdadm --add`, na `/proc/mdstat` ikaanza kuhesabu. Herufi `[UU_U]` ni kwamba ya tatu haipo. Kwa diski ya terabaiti 2 nilitarajia saa tano na nusu, ikachukua sita na dakika kadhaa, kwa sababu diski husoma taratibu zaidi inapokaribia katikati ya sahani yake. Ilipofika `[UUUU]` jua lilikuwa linaelekea mikokoni.

Mfumo sikuuhangaikia kuufufua. Nilichomoa waya za data za diski zote nne, nikaweka OpenMediaVault 7 mpya kwenye ile diski ndogo, nikazima, nikazirudisha waya. Kuchomoa kunaonekana ni woga, lakini programu ya kuweka mfumo inakuuliza "diski ipi nifute?" na ukiwa umechoka ni rahisi kugusa isiyo yenyewe. Diski isiyounganishwa haifutiki. Raidi ilijitambua yenyewe ilipowaka, kwa kuwa kila diski inabeba maelezo ya raidi yake. Nilichopoteza ni mipangilio: majina ya folda, watumiaji, ruhusa. Vyote hukaa kwenye faili moja, `/etc/openmediavault/config.xml`, na hata kama hulirudishi moja kwa moja, ukiwa nalo pembeni unasoma ulivyopanga badala ya kukumbuka. Sikuwa nalo. Kazi ya dakika kumi ikawa ya mchana mzima.

Umeme ndio uliobaki, na hapo mjomba alikuwa mkali kuliko mimi. "Hiyo mashine haiwaki usiku mpaka uniambie ikikatika itakuwaje." Tukanunua kile kiboksi chenye betri kinachoandikwa UPS, kilichotumika, chenye waya wa USB. Wengi hukinunua kwa ajili ya kuendelea na kazi. Chetu kwa mzigo wa boksi na ruta kilitupa dakika 25, hazitoshi kusasisha wala kujenga raidi. Kazi yake ni nyingine: kupitia ule waya kinaliambia boksi kwamba umeme umeondoka, boksi linafunga mafaili, linamaliza kuandika jumla zake, linazima lenyewe kwa adabu. Dakika mbili zinatosha. Programu inayosikiliza upande wa boksi huandikwa NUT, na ukiandika `upsc` na jina la kifaa chako unaona chaji iliyobaki.

Ila kuna mtego kwa wenye sola. Inveta za bei ya chini hazitoi umeme wa wimbi laini, zinatoa wa ngazi-ngazi, na UPS nyingi zinaukataa. Utaijua kwa mlio: inagonga klak, klak kila baada ya muda, ikidhani umeme umekatika, na betri yake inakwisha huku inveta iko hewani. Yetu ilifanya hivyo hivyo siku ya kwanza. Kwenye mipangilio yake kulikuwa na kiwango cha ukali wa kupima umeme, tukakishusha, ikatulia. Isingetulia tungelazimika kubadilisha inveta, maana hakuna njia ya mkato hapo.

Kisha tukaijaribu. Siku hiyo hakuna aliyekuwa anaandika chochote, nikachomoa waya wa UPS ukutani nikakaa kitako. Dakika ya tano boksi likaanza kuzima. Diski zikanyamaza kwa utaratibu na mjomba akaangalia saa yake. Tulifanya hivyo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza lilizima lakini halikuwaka lenyewe umeme uliporudi. Hilo ni la kurekebisha kwenye mipangilio ya ubao wa kompyuta, siyo kwenye mfumo.

Msidhani haya ni ya shamba tu. Aprili 1, 2024 gridi ya taifa ilizimika nchi nzima, na aliyekuwa Mikocheni akisasisha boksi lake usiku ule alikuwa hali moja na mimi, tena bila betri ya kumpigia kengele.

Kuhusu nakala mahali pengine, mwezi huo huo wa Aprili mafuriko yalipiga Rufiji na Kibiti. Nyumba ya mjomba iko juu, haikufikiwa. Lakini diski ya nakala iliyo kwenye rafu moja na boksi inazama pamoja na boksi, na inaibwa pamoja na boksi. Kwa hiyo diski ya nje inakaa Kibiti mjini, kwa mama mkubwa, ndani ya pipa la plastiki lenye mfuniko. Mjomba anaifuata kila akienda kusafisha picha, anaichomeka usiku mmoja kabla ya jua kuchomoza, mchana inaandika, safari inayofuata inarudi. Nakala inachelewa wiki mbili tatu nyuma ya boksi. Kwa hiyo harusi mpya hafuti kwenye kamera hadi iwe imeshasafiri. Ndiyo gharama ya mpango huu, tunaijua na tumeikubali.

Leo nikitaka kusasisha, hata vidogo vya kila mwezi, napiga simu siku mbili kabla. Mjomba analeta diski kutoka Kibiti, inaandikwa, inalinganishwa. Naangalia afya ya kila diski kwa `smartctl -A`, na macho yanakwenda kwenye mstari wa `Current_Pending_Sector`. Ikiwa si sifuri, diski ina sehemu inazoshindwa kuzisoma, na hapo mada siyo kusasisha tena, mada ni kubadilisha diski. Ile iliyokufa niliwahi kuisoma baadaye Dar, siku ilipoamka kwa dakika chache. Mstari ule ulikuwa 24. Sijui ulikuwa hivyo tangu lini kwa sababu sikuwahi kuangalia. Nasubiri saa tatu asubuhi, betri imejaa na jua linasukuma. Namwambia kila mtu nyumbani asiandike kitu hadi niseme. Kisha naandika amri.

Kuhusu sekunde zile tatu, mjomba alimwuliza mamkubwa kama anakumbuka mashamba yale kwa mpangilio. Anakumbuka yote isipokuwa mawili. Tumepanga Juni, mavuno ya mpunga yakiisha, twende bondeni na kinasa sauti tukawaulize waliobaki.